Saa Saba Usiku Ni Saa Ngapi? Uhakiki wa Tafsiri ya Kiswahili katika Skrini za Programu za Kurekodi Saa za Kazi, kwa Kurejelea Biharamulo

1.0 Utangulizi

Mfanyakazi anayeishi mjini Biharamulo na kufanya kazi ya kompyuta kwa ajili ya ofisi iliyo mbali hana geti la kupita asubuhi wala daftari la mahudhurio la kusaini. Kinachoshika nafasi ya daftari hilo ni programu iliyo kwenye simu au kompyuta yake. Hubonyeza kitufe anapoanza kazi, hubonyeza kingine anapokwenda kupumzika, na mwisho wa wiki huwasilisha jumla ya saa zake kwa msimamizi ambaye pengine hawajawahi kuonana ana kwa ana. Msimamizi akiidhinisha, mshahara hukokotolewa. Kwa hiyo maneno machache yaliyo kwenye skrini hizo hufanya kazi ya ushahidi. Yakisomwa vibaya, saa zilizofanyiwa kazi hupotea.

Makala haya yanahakiki namna maneno hayo yanavyotafsiriwa kwa Kiswahili. Uhakiki haulengi programu moja, bali matini fupi zinazojirudia katika programu za aina hii: kitufe cha kuanza kazi, kitufe cha mapumziko, uoneshaji wa saa na hali za uidhinishaji. Mwega wa uhakiki ni Nadharia ya Skoposi iliyoasisiwa na Hans Vermeer mwishoni mwa miaka ya 1970, ambayo hushikilia kuwa tafsiri hupimwa kwa lengo linalokusudiwa kutimizwa na matini lengwa. Lengo la skrini ya saa za kazi ni moja na linapimika: mfanyakazi na msimamizi wasome rekodi ileile na waielewe kwa namna ileile.

Hoja kuu ni kwamba tafsiri ya nusu ina madhara makubwa kuliko kutotafsiri kabisa. Hoja hiyo inaonekana wazi zaidi katika saa za usiku, ambazo ndizo saa za kazi za wengi wanaohudumia wateja wa Marekani.

2.0 Tarakimu, Neno na Usomaji wa Saa

Msemaji wa Kiswahili nchini Tanzania ana mifumo miwili ya kuhesabu saa na huitumia yote kila siku bila kutatizika. Simu yake huonesha 20:00, naye akiulizwa saa ngapi hujibu kuwa ni saa mbili usiku. Hakuna mkanganyiko, kwa kuwa kuna mwafaka usioandikwa: tarakimu tupu za simu husomwa kwa mfumo wa kimataifa unaoanzia usiku wa manane, ilhali maneno hufuata mfumo wa Kiswahili unaoanzia machweo na mawio ya jua.

Mwafaka huo una kipengele cha pili ambacho wafasiri wengi wa programu hawakizingatii. Tarakimu zikitanguliwa na neno saa, au zikifuatwa na neno la kipindi cha siku kama asubuhi au usiku, huacha kuwa za kimataifa. Tangazo la mkutano wa kijiji linaloandikwa “saa 3:00 asubuhi” huwaita wanakijiji wakati simu zao zinaonesha 9:00. Hakuna atakayefika usiku wa manane kupita kwa dhana kuwa ameitwa wakati simu inaonesha 3:00. Kwa maneno mengine, neno la Kiswahili lililo kando ya tarakimu ndilo linalomwambia msomaji atumie mfumo upi.

Kasoro ya programu huanzia hapo. Programu nyingi hazitungi zenyewe namna ya kuandika saa, bali huchukua data kutoka CLDR, hazina ya data za lugha inayosimamiwa na Muungano wa Yunikodi. Katika data za Kiswahili za hazina hiyo, siku imegawanywa katika vipindi vitano: alfajiri kuanzia 04:00, asubuhi kuanzia 07:00, mchana kuanzia 12:00, jioni kuanzia 16:00 na usiku kuanzia 19:00. Programu ikitumia kiolezo `h:mm B`, ambapo `B` ni neno la kipindi, tarakimu hubaki za kimataifa ila neno huwa la Kiswahili. Saa 20:00 huandikwa “8:00 usiku”. Mswahili husoma saa nane usiku, yaani 02:00.

Inafaa kutambua kuwa data hizo hazikuandaliwa na watu wasiojua Kiswahili. Katika hazina hiyohiyo, adhuhuri yenyewe imeitwa “saa sita za mchana” na usiku wa manane “saa sita za usiku”, kama inavyostahili. Walioandaa maneno walifuata mfumo wa Kiswahili, lakini kiolezo hakina nafasi ya kubadili tarakimu. Matokeo yake ni kwamba skrini moja inaweza kumwonesha msomaji adhuhuri kwa hesabu ya Kiswahili na saa inayofuata kwa hesabu nyingine.

Mipaka ya vipindi hivyo pia inahitaji kupimwa na mahali. Biharamulo iko karibu na longitudo ya nyuzi 31.3 Mashariki, ilhali saa ya Afrika Mashariki imefungamanishwa na longitudo ya nyuzi 45. Tofauti hiyo ya takribani nyuzi 13.7, kwa kiwango cha dakika nne kwa kila nyuzi, hulichelewesha jua kwa dakika 55 hivi. Kwa hiyo Biharamulo jua huchomoza na kuzama karibu na saa moja, na saa kumi na mbili asubuhi bado ni kiza. Mpaka wa 07:00 kati ya alfajiri na asubuhi, na ule wa 19:00 kati ya jioni na usiku, unalingana vyema na anga ya Biharamulo. Maneno ya vipindi, kwa hiyo, hayana tatizo mahali hapa. Tatizo ni tarakimu zilizoambatanishwa nayo.

Si kila saa iliyoandikwa hivyo hupotosha. “5:00 jioni” humgutusha msomaji, kwa sababu hakuna saa tano jioni katika Kiswahili. Atasita, atang’amua kuwa tarakimu ni za kimataifa, na atasahihisha kichwani. Hali kadhalika “2:00 mchana”. Usiku, hata hivyo, hauna kinga hiyo. Saa moja usiku ipo na saa saba usiku ipo; saa mbili usiku ipo na saa nane usiku ipo. Kila “7:00 usiku” na kila “8:00 usiku” inayoandikwa na programu ni saa halali katika mfumo wa Kiswahili, isipokuwa si saa iliyokusudiwa. Kosa lisilomgutusha msomaji ndilo la hatari zaidi, kwa kuwa hupita bila kuhojiwa.

3.0 Mfano: Zamu ya Jumatano

Ili kupima uzito wa kasoro hiyo, uchukuliwe mfano wa mfanyakazi wa kubuni aliyeajiriwa na kampuni ya Dar es Salaam inayohudumia wateja wa New York, naye anafanyia kazi nyumbani kwake Biharamulo. Msimamizi wake yuko Dar es Salaam na wote wawili wanatumia skrini za Kiswahili. Ni mwezi Januari, wakati ambapo Tanzania iko mbele ya New York kwa saa nane. Ofisi ya New York hufunguliwa 9:00 na kufungwa 17:00. Kwa Biharamulo hiyo ni kuanzia saa kumi na moja jioni ya Jumatano hadi saa saba usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi. Mfanyakazi anapumzika kuanzia saa mbili na nusu hadi saa tatu na nusu usiku. Zamu ina saa nane, na baada ya kutoa saa moja ya mapumziko zinabaki saba za kazi.

Programu inaonesha kuwa kazi ilianza “5:00 jioni”, mapumziko yakawa “8:30 usiku” hadi “9:30 usiku”, na kazi ikaisha “1:00 usiku”. Msomaji wa Kiswahili anayeipokea rekodi hiyo anaona kazi iliyoisha saa moja usiku, na mapumziko yaliyoanza saa nane na nusu usiku, yaani saa nyingi baada ya kazi kwisha. Msimamizi makini atashangaa na kuuliza. Msimamizi mwenye karatasi arobaini za kupitia siku ya Ijumaa anaweza kuirudisha kwa kudhani imejazwa ovyo.

Madhara huwa makubwa zaidi pale mfanyakazi anapolazimika kuandika saa kwa mkono. Chukulia kuwa mtandao umekatika kabla hajabonyeza kitufe cha kumaliza, na asubuhi yake programu inamtaka ajaze mwenyewe saa ya kumaliza. Yeye anajua alimaliza saa saba usiku. Anachagua 7:00, anachagua usiku, anahifadhi. Mfumo unaandika 19:00 ya Jumatano. Zamu iliyoanza 17:00 sasa ina saa mbili tu, na mapumziko yaliyo nje ya zamu yanafutwa au yanapuuzwa. Saa tano kati ya saba zimetoweka, na kila herufi iliyo kwenye skrini inakubaliana na alichokusudia kusema.

Hasara haiishii kwenye saa tano. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kazi ya usiku ni ile inayofanyika baada ya 20:00 na kabla ya 06:00, na mwajiriwa hustahili nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Katika zamu halisi, saa za usiku ni nusu saa kabla ya mapumziko na saa tatu na nusu baada yake, jumla saa nne. Katika rekodi iliyopotoshwa, kazi iliisha 19:00. Saa za usiku ni sifuri. Hapa pia neno la skrini na neno la sheria havilingani: programu huanza kuita usiku kuanzia 19:00, sheria kuanzia 20:00. Mfanyakazi anayeona “usiku” kwenye rekodi yake asidhani kuwa saa hiyo tayari ina nyongeza.

Tarehe nayo huleta utata wake. Kwa hesabu ya kompyuta, zamu hiyo ilianza Jumatano na kuisha Alhamisi. Kwa Mswahili wa pwani aliyekuzwa katika hesabu ya siku inayoanza magharibi, usiku wa Alhamisi ndio huohuo uliofuata mchana wa Jumatano. Wa bara anaweza kuelewa usiku wa Alhamisi kuwa ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Kiswahili cha magazeti na redio kimekwisha kupata suluhisho, nalo ni kirai “usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi”. Ni kirefu, lakini hakina maana mbili, na skrini ya muhtasari wa zamu ina nafasi ya kukibeba.

4.0 Kuanza Kazi na Kupumzika

Baada ya saa, linalofuata ni kitufe chenyewe. Maneno “Clock in” hayana kisawe kimoja cha moja kwa moja, kwa kuwa yametokana na mashine ya kugonga kadi ya saa kiwandani. Mfasiri wa haraka huandika “Ingia”. Neno hilo ni fupi na linatosha kwenye kitufe, lakini tayari lina kazi nyingine: ndilo lililozoeleka katika programu za Kiswahili kwa maana ya kufungua akaunti kwa nywila. Programu ya saa za kazi huwa na vitendo vyote viwili, na mara nyingi hufuatana. Mfanyakazi aliyebonyeza “Ingia” na kuandika nywila yake ana kila sababu ya kuamini kuwa ameshaingia kazini. Kumbe saa haijaanza kuhesabiwa. Dalili ya kosa hili huonekana kwenye rekodi: wafanyakazi wapya huwa na zamu zinazoanza kwa kuchelewa, au siku zisizo na saa ya kuanza kabisa.

“Anza kazi” na “Maliza kazi” hazina mgongano huo. Hazibebi taswira ya mashine, lakini taswira hiyo haina maana kwa mfanyakazi wa Biharamulo. Lengo la kitufe ni kumwambia kitakachotokea akikibonyeza.

Kuhusu mapumziko, ugumu ni kwamba neno “Break” kwa Kiingereza ni jina na kitenzi, hivyo kitufe kimoja hutaja kitendo na hali. “Mapumziko” kwa Kiswahili ni jina tu. Likiandikwa peke yake kwenye kitufe, halisemi kama mapumziko yanaanza, yanaendelea au yamekwisha. Kiswahili kina njia nyepesi ya kutenganisha mambo hayo: kitendo kiwe “Anza mapumziko” na “Rudi kazini”, na hali ioneshwe kwa kiambishi cha mahali, “Uko mapumzikoni”. Mfanyakazi aliyesahau kurudi kazini ataiona hali hiyo na kuitambua mara moja.

Neno lenyewe pia ni pana. Mapumziko ni ya mechi ya mpira, ni siku isiyo ya kazi, na ni saa moja ya kula. Katika rekodi ya saa, tofauti inayohitajika ni ya malipo. Sheria iliyotajwa humpa mwajiriwa anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano mapumziko ya angalau dakika 60, na mwajiri halazimiki kuyalipia isipokuwa amemtaka mwajiriwa afanye kazi au awe tayari kuitwa katika muda huo. Mfanyakazi wa mbali anayeambiwa abaki karibu na simu wakati wa kula hayuko mapumzikoni kwa maana inayomnyima malipo. Skrini yenye neno moja tu, “Mapumziko”, huzika tofauti hiyo. Skrini yenye “Mapumziko bila malipo” na “Mapumziko yenye malipo” humlazimisha mtu kuichagua.

5.0 Hali za Uidhinishaji na Upatanisho wa Kisarufi

Hali za karatasi ya saa kwa kawaida ni rasimu, iliyowasilishwa, inayosubiri, iliyoidhinishwa na iliyokataliwa. Katika Kiingereza, neno “Approved” hukaa vilevile mbele ya kitu chochote. Wabunifu wa programu hulihifadhi mara moja na kulitumia popote. Kiswahili hakiruhusu hilo, kwa kuwa kitenzi hupatana na ngeli ya jina: karatasi imeidhinishwa, ombi la likizo limeidhinishwa, muda wa ziada umeidhinishwa, mapumziko yameidhinishwa, saa zimeidhinishwa. Mfasiri aliyepewa neno moja bila muktadha hana jinsi ya kuchagua kiambishi sahihi. Akiandika “Imeidhinishwa”, ombi la likizo litaonekana na kosa la kisarufi; akiandika “Idhinishwa”, ameandika kitu kisicho sentensi wala jina.

Lawama hapa si ya mfasiri. Faili za tafsiri huwa na nafasi ya muktadha, na mbunifu ndiye anayepaswa kuitumia:

```po
msgctxt "timesheet.status"
msgid "Approved"
msgstr "Imeidhinishwa"

msgctxt "leave_request.status"
msgid "Approved"
msgstr "Limeidhinishwa"
```

Kosa la kisarufi, hata hivyo, humkera msomaji bila kumpotosha. Makosa ya maana ndiyo yanayogharimu, na mawili yanastahili kutajwa. La kwanza ni “Inasubiri” kwa ajili ya “Pending”. Kitenzi hicho hakisemi nani anasubiriwa. Rasimu ambayo haijawasilishwa inamsubiri mfanyakazi; karatasi iliyowasilishwa inamsubiri msimamizi. Mfanyakazi anayesoma “Inasubiri” juu ya rasimu yake anaweza kukaa wiki nzima akidhani mpira uko kwa msimamizi. “Haijawasilishwa” na “Inasubiri idhini ya msimamizi” zinaondoa utata huo.

La pili ni “Imekataliwa” kwa ajili ya “Rejected”. Katika programu nyingi, hali hiyo humaanisha tu kuwa karatasi imerudi kwa mwenyewe airekebishe na kuiwasilisha tena. Katika Kiswahili cha ofisi za Tanzania, ombi lililokataliwa limefika mwisho. Lililo na kasoro hurudishwa kwa marekebisho. Mfanyakazi wa zamu ya Jumatano, ambaye saa zake tano zimepotea kwa sababu ya 7:00 usiku, akiona “Imekataliwa” anaweza kukubali kuwa shauri limekwisha. Akiona “Imerudishwa kwa marekebisho”, atafungua, atatazama, na kosa lake litapata nafasi ya kugunduliwa.

6.0 Njia ya Kusahihisha na Mipaka Yake

Suluhisho la saa ni kuchagua moja kati ya mawili bila kuyachanganya. La kwanza ni kuonesha tarakimu tupu za saa 24, yaani 17:00, 20:30 na 01:00, bila neno lolote la Kiswahili kando yake. La pili ni kutafsiri kikamilifu, tarakimu na neno. Hesabu yake ni nyepesi. Ikiwa `h` ni saa ya kimataifa kuanzia 0 hadi 23, basi:

```js
const saa = ((h + 5) % 12) + 1;
```

Kwa 20 hutoka 2, kwa 1 hutoka 7, kwa 18 hutoka 12. Kwa rekodi inayogusa mshahara, kuziweka zote mbili pamoja ni salama zaidi: “01:00, saa saba usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi”. Kila upande hushuhudia mwenzake. Sehemu ya kuandikia saa kwa mkono nayo irudie kwa maneno kile mfumo ulichokielewa kabla ya kuhifadhi. Mfanyakazi aliyechagua 19:00 akikusudia saa saba usiku ataona “saa moja usiku” na kujisahihisha.

Jumla ya saa pia iandikwe kwa uangalifu. “Saa 7” chini ya safu ya jumla inaweza kusomwa kama muda au kama saa ya siku. Msemaji wa kawaida hutenganisha hayo kwa kusema masaa saba, matumizi ambayo walimu wa Kiswahili sanifu huyakosoa. “Muda wa saa 7” hulinda tofauti hiyohiyo ndani ya usanifu.

Kuna jambo moja ambalo tafsiri haiwezi kulitibu. Wilaya jirani ya Ngara inapakana na Rwanda huko Rusumo na Burundi huko Kabanga, na nchi hizo zote mbili ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Simu iliyowekwa ijirekebishe yenyewe, ikishika mnara wa ng’ambo, hurudi nyuma kwa saa moja. Programu inayoamini saa ya simu itaandika kuwa kazi iliyoanza saa kumi na moja jioni ilianza saa kumi. Dalili yake ni zamu zinazoruka kwa saa moja kamili, si kwa dakika kadhaa. Dawa ni seva kuhifadhi muda kwa saa ya dunia, na skrini kufuata ukanda wa saa uliotajwa kwenye mkataba.

7.0 Hitimisho

Uhakiki umeonesha kuwa ubora wa skrini hizi haupimwi kwa idadi ya maneno ya Kiswahili yaliyomo. Neno “usiku” ni Kiswahili safi, na “8:00” ni tarakimu sahihi. Zikiwekwa pamoja bila kupatanishwa, hutoa saa isiyokusudiwa. Hali kadhalika “Ingia”, “Inasubiri” na “Imekataliwa” ni maneno sahihi yaliyowekwa mahali penye kazi nyingine. Anayekagua tafsiri ya aina hii anaweza kuanza na jaribio moja: aandike zamu inayoanza saa kumi na moja jioni na kuisha saa saba usiku, ampe msomaji mwingine skrini ya muhtasari, na kumwomba aseme kwa sauti kazi iliisha saa ngapi na ilichukua muda gani. Jibu lisipokuwa saa saba usiku na muda wa saa saba za kazi, skrini hiyo haijawa tayari kuamua mshahara wa mtu.